Vifaa vya msiba nyumbani: kipi uazime, kipi ukodi, na nani alete nini

Habari ya msiba ikishatangaa, ubishi wa kwanza uani huwa ni wa vifaa. Kuna anayesema tupige simu, tukodi viti, turubai, sufuria na sahani kwa mtu mmoja, tumalize. Kuna anayesema majirani wapo, kila nyumba ina viti na ndoo, ya nini kutoa fedha? Ubishi huo hauna mshindi, kwa sababu unachukulia msiba kama shughuli ya siku moja yenye idadi moja ya watu. Sivyo ulivyo. Watu huanza wachache, wanaongezeka, siku ya mazishi wanajaa hadi nje ya geti, kisha wanapungua ghafla.

Kwa hiyo silinganishi kukodi na kuazima kwa jumla. Nalinganisha kifaa kwa kifaa, nikiuliza kinatakiwa siku zote au siku ile moja tu, na kikikosekana au kikiharibika nini kitatokea. Jibu ninalolifikia mara nyingi ni hili: siku za kawaida ziendeshwe kwa vya kuazima, kilele kiendeshwe kwa vya kukodi.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Nyumba ina ua wa mita 10 kwa 15, nusu udongo, nusu sakafu ya saruji. Kuna bomba moja. Msiba ni wa siku nne: siku tatu zina watu wapatao 40 kwa wakati mmoja, na siku ya mazishi wanatarajiwa 200, ingawa watakaokuwapo kwa pamoja hawatazidi 150, maana wengine hutoa pole na kuondoka.

Viti, mabenchi na mikeka

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kugundua. Viti vikikodiwa kwa malipo ya siku, viti 150 vya siku nne ni sawa na kulipia viti 600, na siku tatu kati ya hizo zaidi ya viti mia moja vitakuwa vimepangwa ukutani. Watu 40 wa siku za kawaida hawahitaji hata viti 40. Wengine wako jikoni, wengine ndani na wafiwa, wengine wamekaa kwenye mikeka. Viti 20 vya majirani, mabenchi manne na mikeka sita vinatosha kabisa.

Benchi linadharauliwa bure. La mita mbili na nusu linakalisha watu wanne kwa nafasi, watano wakibanana, na halizami kwenye udongo uliolowa kama kiti cha plastiki chenye miguu myembamba. Ubaya wake ni kwamba halina egemeo, na mzee hawezi kulikalia saa nzima. Basi viti vyenye mikono na egemeo viwekwe kando mapema, kumi au kumi na tano, viwe vya wazee na wajawazito, na awepo kijana wa kuvilinda. Bila mlinzi vinakaliwa na vijana wenye simu kabla mzee wa kwanza hajafika.

Viti vya kukodi viagizwe kwa siku ya mazishi tu, vifike jioni ya kuamkia. Kwa mfano wetu ningeagiza 100, si 150, kwa sababu vya kuazima, mabenchi na mikeka vinabeba waliobaki. Vinapofika usihesabu tu. Kamata kiti pale mguu unapoungana na kikalio ukikunje kidogo. Plastiki iliyochomwa na jua muda mrefu inapauka, ukiipapasa inaacha unga, na ikikunjwa inatoa ufa mweupe. Kiti kama hicho kitavunjikia chini ya mtu mzito, basi kirudishe palepale gari halijaondoka.

Turubai: la kamba au la fremu

Turubai ni kitu ambacho sishauri kuazima kwa jirani isipokuwa lile dogo la jikoni. Kiti kikivunjika anaanguka mtu mmoja. Turubai likianguka linaangukia watu themanini.

Lakini hata kukodi kuna uchaguzi. Turubai la kamba husimama kwa nguzo na kuvutwa na kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Ni jepesi kubeba, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Turubai la fremu husimama kwenye mabomba ya chuma yaliyounganishwa, na miguu yake inaishia pale pale turubai linapoishia. Wengi huchagua kwa bei na kwa mwonekano. Mimi naanza na futi ya kupimia.

Kamba nzuri hushuka kwa mshazari, hivyo kigingi hukaa mbali na nguzo kwa umbali unaokaribia urefu wa nguzo yenyewe. Nguzo ikiwa ya mita mbili na nusu, kila upande unakula mita mbili na nusu nyingine za ardhi. Turubai la mita 6 kwa 12 sasa linataka uwanja wa mita 11 kwa 17. Ua wetu ni 10 kwa 15. Halitaingia. Mafundi watafanya nini? Watazisimamisha kamba karibu wima ili ziingie, na kamba iliyosimama wima haizuii upepo wa ubavuni. Utaona nguzo zinayumba kila upepo unapopita, na hiyo ndiyo dalili. Isitoshe, kila kamba inayovuka njia itamkwaza mtu usiku.

Kwa hiyo ua wetu unataka la fremu. Nalo lina kasoro yake: kwenye saruji huwezi kupiga kigingi, na fremu isiyoshikwa chini hunyanyuliwa na upepo mzima mzima. Miguu ya upande wa saruji ifungwe kwenye mapipa yaliyojaa maji. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 za maji. Dumu la lita 20 lina kilo 20 tu, halitoshi hata yakifungwa mawili. Upande wa udongo, vigingi vipigwe vikiwa vimeinamia nje, kichwa kikiwa mbali na turubai, la sivyo vitachomoka vyenyewe kamba ikivuta.

Ukubwa? Mita 6 kwa 12 ni mita za mraba 72. Mtu aliyekaa kwenye kiti kilichopangwa kwa safu anachukua karibu robo tatu ya mita ya mraba, ukihesabu na magoti yake. Ukitoa njia ya katikati, hapo wanakaa watu 80 hadi 85. Waliobaki wako ndani, barazani na jikoni. Kuleta turubai la pili kwenye ua huo ni kuziba njia ya kutoa mwili na njia ya kwenda chooni, na njia hizo nazipa uzito kuliko kivuli.

Sasa mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, yaani kilo moja. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya kawaida tu, ikikusanyika kwenye sehemu iliyolegea inayokinga mita kumi za mraba, inaweka kilo 200 juu ya vichwa vya watu. Turubai lililokazwa halitumbukii. Likianza kufanya tumbo, lisukumwe juu kwa mti uliozungushiwa kitambaa nchani tumbo likiwa bado dogo. Likishakuwa kubwa, toa watu kwanza. Na kabla ya kulipa kabisa, liangalie likiwa juu mchana: simama chini yake utazame jua. Matundu yote utayaona.

Maji: tatizo si kuyapata, ni kuyaweka

Kwa watu wanaoishi na kulala mahali pamoja, viwango vinavyotumika katika huduma za dharura huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Mgeni wa saa chache hatumii yote hayo. Siku ya mazishi mimi hupiga lita tano kwa mtu, yaani moja ya kunywa, moja ya kunawa, moja ya kupikia na mbili za kuoshea vyombo. Watu 200 ni lita 1,000. Choo cha kumwagia maji kinataka lita tatu hivi kila mtu anapokwenda, kwa hiyo ongeza 600. Jumla lita 1,600.

Bomba linalojaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili linatoa lita 600 kwa saa. Kwa hesabu hiyo ni saa tatu tu. Shida ni kwamba saa hizo tatu hazipatikani mchana wa mazishi, wakati wapishi, waosha vyombo na choo wote wanaligombania bomba hilohilo, na huwezi kujua kama litatoka. Maji ya siku ya mazishi yachotwe usiku wa kuamkia. Hapo swali linakuwa yatawekwa wapi.

Madumu ya kuazima yana faida kubwa kwamba kila nyumba inayo na mtoto anaweza kulibeba. Lakini lita 1,600 ni madumu 80, nayo hukusanyi mtaani kwa jioni moja. Boza la maji nalo huonekana jibu rahisi, hadi linafika na dereva anauliza amwage wapi. Nimeshaona boza likizima na kuwasha injini barabarani huku watu wakikimbiza ndoo. Lisiitwe kabla hujawa na tangi au mapipa, na kabla hujapima kama mpira wake unafika uani ikiwa njia ni nyembamba.

Kwa mfano wetu ningeazima mapipa matano ya lita 200 kwa kuoshea na kwa choo, na madumu 30 ambayo kawaida hubeba maji, kwa kunywa, kunawa na kupikia. Ukijaza vyote unapata lita 1,600. Haya ni mbali na mapipa ya kushikilia turubai, ambayo hayaguswi, kwa sababu mtu akichota humo anapunguza uzito unaolishika. Andika juu yake kwa chaki "TURUBAI". Tangi la lita 1,000 likipatikana kwa kukodi ni zuri zaidi kuliko mapipa, ila maji yake yana uzito wa tani moja, hivyo likae juu ya saruji au udongo mgumu uliosawazishwa. Juu ya matofali yaliyopangwa haraka haraka litainama.

Dumu lolote linuswe kabla ya kupokelewa. Lililowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya mimea liende chooni, au lirudi kwa mwenyewe. Harufu haitoki kwa sabuni. Maji ya kunywa yawekwe kwenye ndoo yenye bomba na mfuniko. Ndoo ya kuchovya kikombe inachafuliwa na mkono wa kwanza mchafu, na watu mia wanaofuata wanakunywa hicho. Hizi ndoo za bomba huwa chache mtaani, kwa hiyo tatu au nne zinafaa kununuliwa. Mbili nyingine ziwe za kunawia, na sabuni ifungwe kwa kamba isitembee.

Sufuria na moto

Tupime kwa mchele na maharage kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Gramu 100 za mchele mkavu kwa mtu mzima zinatosha, hivyo watu 200 ni kilo 20. Maharage makavu gramu 60 kwa mtu, kilo 12. Chai robo lita kwa mtu, lita 50.

Sufuria za majirani za lita 10 zinapika wali mzuri, lakini kwa kilo 20 ungetaka sufuria kama kumi, na kila sufuria inataka moto wake na jicho lake. Upande mwingine, kupika kilo zote 20 ndani ya sufuria moja kubwa ni kosa linalojirudia misibani: chini umeungua, katikati bokoboko, juu mbichi, kwa sababu joto halipandi sawasawa kwenye kina kile na mwiko haufiki. Njia ya kati ndiyo bora, sufuria mbili za lita 50, kilo 10 kila moja. Mchele na maji yake vitachukua kama lita 30, wali ukifura bado pana nafasi ya kugeuza. Ongeza ya tatu ya lita 60 kwa maharage, ya nne kwa chai. Hizi zikodiwe kwa siku moja. Siku za watu 40, sufuria tatu za jirani zinatosha.

Zikifika zijazwe maji kidogo na kuwekwa juu ya saruji kavu kwa robo saa. Tako lenye tundu litaacha doa. Hesabu mifuniko, miiko na pawa pamoja na sufuria, maana sufuria haipotei, ila mfuniko hupotea. Na sufuria iliyojaa isinyanyuliwe kutoka motoni. Kilo hamsini za mchuzi unaochemka hazibebwi na watu wawili waliochoka. Pakua palepale.

Kwenye moto, gesi inapendwa kwa kutotoa moshi, na kwa siku za kawaida inafaa. Kwa sufuria kubwa mtungi mdogo unakusaliti. Gesi ikitoka kwa kasi kwa muda mrefu mtungi unapoa, ukiugusa ni baridi na umelowa jasho kwa nje, na mwali unafifia ingawa gesi bado imo. Watu hudhani imekwisha wanakwenda kununua nyingine. Dawa ni kuwa na mitungi miwili ya kubadilishana, au kuachia kuni kazi ya sufuria kubwa. Kuni ziwe zimekauka, na jiko likae nje ya turubai, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu.

Maharage yalowekwe usiku, maji ya kuloweka yamwagwe, na yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yaliyopikwa kwa moto hafifu tu yanaumiza tumbo vibaya. Wali uliopoa usiachwe sufuriani mpaka jioni ukapashwa tena. Sumu inayozaliwa humo haiondoki kwa kupashwa. Pika kwa awamu mbili badala ya kupika mwingi asubuhi.

Sahani za kukodi 100 zinahudumia watu 200 kwa zamu ikiwa kuna mabeseni matatu na watu watatu wa kuosha. Zile za kutupa zinaokoa maji, karibu lita 400 katika hesabu yetu, lakini zinainama kwa chakula cha moto na usiku zinatapakaa mtaa mzima. Ningezichukua pale tu bomba linapokuwa limekauka.

Nani alete nini

Ukiacha kila mtu alete anachoona kinafaa, utapata mifuko kumi ya sukari na hakuna kiberiti. Kinachonisaidia ni kugawa kwa umbali na si kwa uwezo. Jirani anayekaa mlango wa pili alete kizito kisichosafiri: benchi, pipa, meza. Ndugu wa mbali asibebe sufuria kwenye basi, atume fedha za kulipia kitu kimoja chenye jina, mfano turubai, na atumiwe taarifa kwamba limefika. Marafiki wa wafiwa na wenzao wa kazini walete vinavyoisha, yaani sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni, karatasi za chooni, mifuko ya taka, betri za tochi. Vinavyoisha havirudishwi, na wao ndio wagumu kufuatwa baadaye. Wafiwa wasiandikwe chochote, na wasiulizwe upawa uko wapi.

| Kitu | Siku za watu 40 | Siku ya mazishi | Wa kushughulikia |
|---|---|---|---|
| Viti | 20 vya kuazima | ongeza 100 vya kukodi | kijana wa mtaa |
| Mabenchi, mikeka | 4 na 6 | vilevile | majirani wa karibu |
| Turubai | dogo la kuazima | fremu 6 × 12 | ndugu wa mbali alipie |
| Mapipa, madumu | 2 na 10 | 5 na 30, mbali na ya turubai | majirani wa karibu |
| Sufuria | 3 za nyumbani | 4 kubwa za kukodi | mpishi mkuu achague |
| Sahani | za kuazima 50 | 100 za kukodi | msimamizi wa jikoni |
| Vinavyoisha | nusu | nusu | marafiki, wenzao wa kazini |

Awepo mtunza daftari mmoja, asiwe mfiwa wala mpishi. Kila kitu cha kuazima kiandikwe kinapoingia: cha nani, kingapi, kina alama gani. Alama ya rangi ya kucha chini ya sufuria inavumilia kuoshwa, lakini kipande cha karatasi hakivumilii. Vya kukodi viandikwe ukurasa mwingine na saa ya kurudishwa, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuhesabiwa siku nyingine nzima.

Kurudisha kuanze jioni ileile ya mazishi kwa vya kukodi, viti kwanza, kisha sufuria zikiwa zimesuguliwa. Turubai libaki hadi asubuhi kama malipo yanaruhusu, wapo watakaolala chini yake. Vya majirani virudi siku watu wanapotawanyika, vikipelekwa mlangoni kwa mwenyewe na mtunza daftari akikata mstari mbele yake. Kilichopotea kilipwe na mfuko wa michango kabla haujafungwa.